Mlango wa nyuma kushoto

Fundi hakugusa boneti. Alilizunguka gari mara moja, mikono nyuma kama mzee anayekagua shamba, akasimama kwenye mlango wa nyuma kushoto. Akaufungua nusu, akaweka kiganja chini ya ukingo wake, akaunyanyua kidogo, kisha akauachia. Mlango ukashuka kama nusu sentimita na kutoa mlio mdogo wa chuma. Akahamia upande wa pili, akafanya vilevile kwa mlango wa nyuma kulia. Huo haukucheza.

"Mwalimu," akamwambia dada yangu, "hili limebeba abiria."

Dada alikuwa ametafuta Toyota IST kwa miezi miwili. Hili alilipata kwa dalali wa Kinondoni, rangi ya fedha, limeng'arishwa, namba ya njano, kilomita 131,000 kwenye dashibodi, na maelezo ambayo kila aliyewahi kununua gari Dar es Salaam ameyasikia: lilikuwa la mama mmoja, kazini na nyumbani tu. Bei milioni 13.2. Mimi nilikwenda kama shahidi. Wakati huo nilidhani gari lililochoka hujulikana kwa injini.

Fundi alinieleza huku bado ameshika mlango. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo abiria husubiri upande wa kushoto wa barabara. Teksi ikisimama, mlango ulio mbele yake ni wa nyuma kushoto, na ndiko anakoketi, maana kwenda upande wa pili ni kujipeleka kwenye bodaboda. Safari 12 kwa siku ni kufungua na kufunga mara 24, na wengi hubamiza. Kwenye gari la familia mlango huohuo hufunguliwa mtoto anapopelekwa shule, na Jumapili. Baada ya miaka mitatu bawaba za mlango mmoja huwa zimechoka na za mwenzake bado mpya. Gari la nyumbani huchakaa mlango wa dereva kwanza. Gari likichakaa nyuma kushoto kuliko mbele kulia, kuna watu waliokuwa wakilipa nauli.

Tulipoingia ndani tuliona mengine. Sponji ya kiti cha nyuma ilikuwa imelala upande wa kushoto, imara upande wa kulia. Kitasa cha ndani cha mlango ule kilikuwa kimepoteza chembechembe za plastiki na kung'aa kama jiwe la mtoni. Kwenye dashibodi, kushoto kwa usukani, palikuwa na duara lisilofifia kwa jua: hapo ndipo kishikio cha simu kiligandishwa. Zamani namba nyeupe na mstari wa rangi ubavuni vilitosha kukuambia teksi ni ipi. Teksi mtandao haina mstari, na matumizi ya gari yakibadilishwa TRA, namba nyeupe hugeuka njano. Duara la simu halibadilishwi na ofisi yoyote.

Basi gari lilikuwa teksi. Lakini hilo peke yake halikuwa sababu ya kuliacha, na hapa fundi alinishangaza. "Mimi teksi nimeshawanunulia watu," alisema. "Tatizo siyo teksi. Tatizo ni kununua teksi kwa bei ya gari la mama."

Kujua bei ya teksi ni nini, lazima usahau kilomita kwa muda na uhesabu saa. Dereva wa teksi mtandao wa Dar anayefanya kazi sawasawa hutembea kama kilomita 150 kwa siku, siku 26 za mwezi. Hizo ni kilomita 3,900 kwa mwezi. Lakini kuzitembea kunamchukua saa 9 injini ikiwa hai, maana humo mna foleni ya Ubungo, mna kusubiri abiria aliyesema "nashuka sasa hivi" na kushuka baada ya robo saa, kiyoyozi kikiunguruma. Saa 9 kwa siku 26 ni saa 234 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 2,808.

Sasa mchukue mtu wa Tegeta anayefanya kazi Posta. Kwenda na kurudi kama kilomita 50, siku 22 za mwezi. Kwa mwaka anapata kilomita 13,200, na kwa mwendo wa kawaida wa jiji, kilomita 20 kwa saa, injini yake imefanya kazi saa 660. Teksi imemzidi zaidi ya mara nne. Hilo halimshangazi mtu. Linaloshangaza ni ukilinganisha teksi na pikapu ya kampuni inayozunguka mikoani. Pikapu hiyo inatembea kilomita 40,000 kwa mwaka, karibu sawa na teksi. Lakini inazitembea kati ya Morogoro, Dodoma na Singida, wastani wa kilomita 50 kwa saa ukihesabu vituo na miji. Saa 800 tu. Baada ya miaka mitano inauzwa ikiwa na kilomita 200,000, wanunuzi wanaiogopa, na injini yake imeunguruma saa 4,000. Teksi ya miaka mitatu yenye kilomita 140,000 imeshapita saa 8,000.

Ndiyo maana karatasi ya oili huwa inadanganya bila kukusudia. Mafundi wetu huandika "mwaga oili baada ya kilomita 5,000" kwa kila gari. Kwa pikapu ya barabara kuu, kilomita 5,000 ni saa 100. Kwa teksi ni saa 300. Namba ni ileile, oili moja imefanya kazi mara tatu ya nyingine, na tena kwa kuchemka foleni bila upepo wa mbele.

Hata hivyo injini ya teksi ina bahati moja ambayo gari la mama halina. Injini huumia zaidi inapowaka ikiwa baridi, kabla oili haijapanda na chuma hakijatanuka. Gari la mama anayeishi karibu na kazini huwashwa baridi asubuhi, linatembea dakika kumi, linazimwa, linapoa, jioni linawashwa baridi tena. Halipati hata nafasi ya kuukausha unyevu ulioingia kwenye oili. Teksi huwashwa baridi mara moja, alfajiri, kisha inashinda moto hadi usiku. Kwa hiyo unaweza kukuta teksi ambayo pistoni na ringi zake ni nzima kuliko za gari lililotunzwa kwenye kivuli. Injini ya IST haina mkanda wa taiming wa kubadilisha. Ina cheni, na cheni hiyo ikimwagiwa oili kwa wakati huishi muda mrefu sana.

Kinachokufa kwenye teksi ni vile vinavyoizunguka injini. Maunti za mpira zinazoibeba hukandamizwa kila gari linaposimama kwenye D huku mguu uko kwenye breki. Rejeta na mipira ya maji hupikwa. Feni na kompresa ya kiyoyozi hufanya kazi saa nyingi kuliko matairi. Juu ya vyote kuna giaboksi ya otomatiki, maana kwenye foleni gari linatambaa mita tano, linasimama, linatambaa tena, na kila mtambao ni joto linaloingia kwenye oili ya giaboksi. Oili hiyo madereva wengi hawajawahi kuibadilisha. Kwenye IST ya zamani kuna kijiti cha kuipimia, na fundi alikivuta na kukinusa kabla hata ya kukitazama. Ilikuwa nyekundu iliyoelekea kahawia, lakini haikunuka kuungua. Kisha akawasha, akakanyaga breki, akatoa gia N na kuweka D. Alihesabu kimoyomoyo. Gari lilishika kabla ya kufika moja. "Ikifika mbili, nenda nyumbani," alisema.

Tulipanga kurudi kesho yake saa 12 asubuhi kulisikiliza likiwa baridi. Fundi alimsisitiza dalali asiliwashe. Tulipofika alilaza kiganja juu ya boneti, akanitazama. Boneti ilikuwa vuguvugu. Dalali akasema kijana alilisogeza tu kupisha gari jingine. Tukakaa kwenye benchi la mama ntilie, tukanywa chai na chapati mbili mbili, tukasubiri mpaka saa nne kasoro. Sijui kama nimewahi kunywa chai iliyookoa fedha nyingi hivyo.

Lilipowashwa, cheni haikupiga kelele, moshi haukutoka. Ila kwa sekunde nne au tano gari lilitetemeka, kama mtu aliyeamshwa ghafla, kisha likatulia. Fundi akaenda moja kwa moja nyuma, akafungua buti, akainua zulia. Chini yake palikuwa na matundu manne yaliyozibwa kwa silikoni.

Hapo palikaa mtungi wa gesi. Teksi nyingi za Dar sasa zinatembea kwa gesi asilia kwa sababu ni nafuu kuliko petroli, na gari likitaka kuuzwa mwenye nalo huvua mtungi na mfumo wake na kuuhamishia kwenye gari jingine, maana kuufunga upya ni ghali. Gesi si dhambi. Lakini ina tabia zake mbili. Ya kwanza ni uzito: mtungi wa chuma una uzito wa mtu mzima asiyeshuka garini, usiku na mchana, na springi za nyuma za gari dogo hulala. Ukitazama gari kwa ubavu utaona limekaa kitako. Ya pili ni ukavu wake. Petroli ina kaunyevu kanakolainisha mahali valvu zinapokalia, gesi haina. Valvu hujichimbia kidogo kidogo kwenye viti vyake, na kadiri zinavyozama ndivyo nafasi iliyoachwa juu yake inavyopungua. Injini ya IST haijirekebishi yenyewe. Upande wa kutolea moshi nafasi hiyo inatakiwa iwe kati ya milimita 0.25 na 0.35. Ikiisha, valvu haifungi vizuri injini ikiwa baridi, na gari linatetemeka asubuhi kwa sekunde chache kabla ya kutulia. Dalali aliyelipasha moto kabla hatujafika alijua anaficha nini, hata kama hakujua jina lake. Dawa ni kuzipima zote 16 na kubadilisha vikombe vinavyozikalia kwa vyenye unene tofauti. Ni kazi ya siku nzima na ina gharama, lakini si kushusha injini.

Naomba niiache IST hapo kwenye benchi kidogo, maana tulipokuwa tunasubiri dada aliuliza swali zuri: kama pikapu ya kampuni imechoka kidogo hivyo, kwa nini tusinunue hiyo?

Niliwahi kuingia zabuni ya magari ya mradi mmoja. Tangazo lilikuwa na maneno ya siku zote, kwamba magari yatauzwa kama yalivyo na mahali yalipo, na nililiona kundi la Hilux na Land Cruiser limepangwa uani kwenye vumbi. Uzuri wake ni kwamba kila gari lilikuwa na daftari: tarehe, safari, kilomita za kutoka na kurudi, lini limemwagwa oili na wapi. Ukiona daftari kama hilo, soma mwishoni kwanza. Kampuni ikishaamua kuuza gari, huacha kulihudumia miezi kadhaa kabla, na pengo hilo linaonekana wazi. Mistari ya matengenezo inakatika huku safari zikiendelea. Injini inaweza kuwa nzuri kama nilivyosema, lakini gari la mradi huchakaa chini: barabara za vumbi na mashimo hula bushi, bolijointi na shokapu, na vumbi laini huingia mpaka kwenye bawaba za viti. Nililala chini ya Hilux moja nikaona fremu imechomelewa karibu na springi ya nyuma. Daftari halikuwa na neno juu ya hilo.

Halafu kuna kodi. Magari ya miradi ya wafadhili, yale yenye namba za DFP, mengi yaliingia nchini kwa msamaha wa ushuru, na msamaha huo ni wa mradi, si wa gari. Likinunuliwa na mtu binafsi, kodi inadaiwa, na mara nyingi tangazo linasema wazi kuwa italipwa na mnunuzi. Kuna mtu pale uani alishinda gari kwa bei iliyomfanya acheke kwa furaha, na sikumwona akicheka tena aliporudi kutoka TRA. Kwa hiyo bei ya zabuni si bei ya gari mpaka umekwenda kuuliza kodi kabla ya kuandika namba kwenye bahasha.

Magari ya kukodisha ni habari fupi. Zanzibar wanayakodisha kwa wageni kwa siku, na kila siku dereva mpya asiyelijua gari analiwasha baridi na kulikanyaga papo hapo, analipeleka ufukweni, analiegesha kwenye mchanga wenye chumvi. Hapo tazama kutu chini ya mazulia na kwenye mikunjo ya milango, tazama rimu, tazama klachi kama si otomatiki. Magari ya harusi ni kinyume cha mambo yote: kilomita chache, mwili unang'aa, lakini yametambaa nyuma ya tarumbeta kwa saa nyingi kiyoyozi kikiwa juu. Ukinunua moja, isikilize kompresa.

Na msidhani gari lililotoka Japani juzi halina historia ya namna hii. Probox, ambayo Wakenya wameigeuza kuwa punda wa kila kazi, ilitengenezwa kuanzia 2002 kuwa gari la makampuni ya Kijapani. Kwa hiyo Probox iliyotua Mombasa mara nyingi ni gari la kampuni, bila mtu kulisema hivyo. Magari ya kukodisha kule hupewa namba yenye herufi ya Kijapani isomwayo "wa", na kama gari lilitoka kwenye kampuni ya ukodishaji moja kwa moja hadi melini, herufi hiyo utaikuta kwenye hati ya kuuzia nje. Hati hiyo hiyo ndiyo yenye kilomita zilizoandikwa kule. Muulize muuzaji akuoneshe. Ya IST yetu ilikuwepo, na ilisema 92,000.

Hapo ndipo hesabu ya dalali ilipokuwa na akili kuliko nilivyodhani. Gari lilisajiliwa hapa miaka mitatu iliyopita. Mama wa kazini na nyumbani, miaka mitatu, kilomita 13,000 kwa mwaka: 39,000. Jumlisha na 92,000 upate 131,000. Aliyerudisha kilomita hakubahatisha. Alizipiga hesabu zilingane na hadithi.

Alisahau kitu kimoja. Fundi alipokuwa anachungulia nyuma ya betri alivuta kikadi cha oili kilichokunjwa na kuchafuka, kile mafundi wanachokifunga kwa uzi kwenye injini. Kilikuwa na jina la gereji ya Sinza na mwandiko wa kalamu ya bluu: huduma inayofuata, 190,500. Dalali alikitazama, akasema yeye alilipokea gari hivyo hivyo. Hatukubishana naye. Dada alikipiga picha.

Tulikwenda Sinza. Kijana wa kumwaga oili hakulikumbuka gari, alimkumbuka dereva, akampigia. Jamaa akaja baada ya saa moja, sasa anaendesha gari jingine, akatusimulia akiwa ameegemea ukuta. Alipewa IST ile kwa mkataba: hesabu ya 25,000 kwa siku, siku sita za wiki, na baada ya miaka miwili na nusu gari liwe lake. Ukifahamu biashara hii, neno mkataba lina uzito. Dereva wa hesabu ya kawaida analirudisha gari jioni kwa bosi, na oili ikifika 7,000 bila kumwagwa ni gari la bosi, na bosi naye anaona dereva ndiye anayelichosha. Gari la hesabu halina mwenyewe. Dereva wa mkataba analitunza kama shamba ambalo hati iko njiani.

"Nilikuwa namwaga kila elfu tano, kwa fedha yangu," alisema. "Na maji ya rejeta sikuweka ya bomba." Mwezi wa 24 bosi aligeuka, akasema mkataba haukuandikwa vizuri, akamnyang'anya funguo. Gari akapewa kijana mwingine kwa hesabu tu, kama miezi kumi. Baada ya hapo likauzwa.

Sasa tulikuwa na maisha ya gari. 92,000 za Japani, miezi 24 ya dereva huyu na miezi 10 ya mwenzake kwa kilomita 3,900 kila mwezi. Dada alizidisha kwa simu: karibu 225,000. Saa za injini, karibu 8,000. Theluthi mbili ya muda wake hapa lilikuwa mikononi mwa mtu aliyeamini ni lake, na theluthi ya mwisho mikononi mwa mtu ambaye hakuwa na sababu ya kuamini hivyo.

Bei tuliifanyia hesabu kwenye daftari la mwalimu, na naiweka hapa kama tulivyoiandika. Tulianza na IST za mwaka uleule zilizokuwa kweli za watu binafsi. Tuliuliza kwa watatu, tukachukua milioni 14. Kutoka hapo tulitoa kazi ambazo hazingoji: springi na shokapu za nyuma, bushi za mikono ya mbele, maunti mbili, bawaba za mlango ule, oili ya giaboksi, kurekebisha valvu. Fundi akajumlisha 1,650,000 pamoja na kazi yake. Giaboksi ilikuwa nzima siku ile, lakini saa zake ni zilezile 8,000, na giaboksi ya mtumba kutoka Japani ikiwa imefungwa ingegharimu 1,200,000. Tukasema uwezekano wa kuihitaji ndani ya miaka miwili ni nusu kwa nusu, tukatoa nusu: 600,000. Kisha tukatoa milioni moja kwa sababu siku dada atakapoliuza, kuna fundi mwingine ataunyanyua mlango wa mtu kama alivyounyanyua wetu, na hasara hiyo lazima ilipwe sasa na anayeuza, si baadaye na yeye. Ikabaki 10,750,000.

Kabla ya kuonana na dereva kulikuwa na mstari mmoja zaidi, wa injini. Hatukujua oili imemwagwaje, kwa hiyo fundi alitaka tuweke nusu ya bei ya injini ya mtumba, laki tisa, na jumla ingeshuka hadi 9,850,000. Mstari huo tuliufuta Sinza. Ukitaka kujua maneno ya dereva yana thamani gani, kwetu yalikuwa na thamani ya shilingi 900,000, na zilikwenda kwa muuzaji ambaye hakujua kwamba alikuwa nazo.

Dalali alipoona daftari na picha ya kikadi hakutaja tena 13.2. Alianza na 11.5, akalalamika kwamba tunanunua bodi tu. Dada, ambaye amekaa na wanafunzi wa kidato cha pili miaka 14, alimwacha amalize. Wakakubaliana milioni 10.9, faini za trafiki zilizokuwa zinasomeka kwenye mfumo zilipwe na muuzaji kabla ya fedha kuhama. Zilikuwa nne, zote za kusimama pasiporuhusiwa, na zote za mchana wa siku za kazi.

Jumamosi iliyofuata lilikuwa gereji kwa ajili ya valvu, na dada alimwalika yule dereva aje amweleze tabia zake: kioo cha dereva kinakwama wapi, feni inaingia saa ngapi. Alimlipa asubuhi yake. Jamaa alilizunguka kimya, akagusa paa. Kisha akafungua mlango wa nyuma kushoto kuchungulia kiti, na alipoufunga hakuutazama. Goti lake liliunyanyua ukingo kidogo, mkono ukausukuma, ukakaa kimya mahali pake.

Fundi, aliyekuwa na bawaba mpya mkononi, alicheka. "Hiyo sasa utaisahau," akamwambia.